Shiti ya ukaguzi: modeli isitumwe kabla haijasoma sifuri

Modeli ya Excel ya bajeti ya mauzo ya matawi matatu kwa miezi 12 ina seli 36 za kujaza. Ni chache, lakini zinatosha kumwaibisha mtu. Kabla ya kuituma, ongeza shiti uiite Ukaguzi. Kila mstari wake uwe kipimo kimoja chenye jibu la 0 (sawa) au 1 (kuna kasoro), na juu kabisa ujumlishe majibu hayo. Usijumlishe tofauti zenyewe: pungufu ya 5,000 hapa na ziada ya 5,000 pale hufutana, nawe utadhani mambo ni shwari.

Anza na jumla. Tuseme kwenye shiti ya Mauzo vichwa viko mstari wa 4, matawi mstari wa 5 hadi wa 7, wa 8 ni mtupu, wa 9 una jumla za miezi, na safu ya O ina jumla ya mwaka ya kila tawi.

```
=IFERROR(IF(ABS(SUM(Mauzo!C9:N9)-SUM(Mauzo!O4:O8))>0.5,1,0),1)
```

Ile 0.5 ipo kwa sababu hesabu za desimali huacha vichembe, na kulinganisha kwa usawa kamili kungepiga kelele bure. O4:O8 imegusa kichwa na mstari mtupu makusudi: SUM huruka maneno, na tawi la nne likiingizwa chini ya la tatu bado liko ndani. Ukiandika O5:O7, tawi hilo linaweza kuachwa na jumla, kisha likaachwa na kipimo pia. Ila kichwa kiwe maneno. 2025 iliyoandikwa kama namba itajumlishwa.

Kwa seli tupu, wengi hukimbilia COUNTBLANK. Haioni nafasi iliyopigwa kwa bahati mbaya, wala namba iliyobandikwa kama maandishi, ambayo SUM huiruka kimyakimya. Afadhali uhesabu namba zilizopo:

```
=IF(COUNT(Mauzo!C5:N7)=ROWS(Mauzo!C5:N7)*COLUMNS(Mauzo!C5:N7),0,1)
```

Tawi lisilouza kitu mwezi huo liandikiwe 0, lisiachwe wazi.

Viungo vya faili nyingine ndivyo visumbufu zaidi. Faili chanzo ikihamishwa, seli huendelea kuonyesha thamani ya mwisho iliyohifadhiwa, kwa hiyo ISERROR haioni kitu. Hapa tumia mkono: fungua Find, weka Within: Workbook na Look in: Formulas, utafute `[`. Kisha pitia Name Manager, maana kiungo hujificha hata kwenye majina. Matokeo yaandike 0 au 1 kwenye Ukaguzi, na tarehe pembeni.

Mwisho, haribu kwa makusudi kwenye nakala: futa seli moja ya Machi, kisha bandika namba tofauti na jumla halisi juu ya fomula ya jumla ya Juni. Kati ya vile vipimo viwili vya fomula, kinachobaki 0 kina masafa yasiyofika pale ulipoharibu. Anza kukagua hapo.