Akiba ya nani, mweka hazina?

*Mimi ni mweka hazina wa chama cha ushirika na ninaandaa hotuba ya mkutano mkuu wa mwaka. Niseme "tumetengeneza faida" au "tumepata ziada"? Na fedha atakazopata mwanachama kwa kila hisa, niziite gawio au mgao?*

Ziada, na gawio. Ningeishia hapo, ila umenigusa penye kidonda.

Kwanza hilo la kutengeneza. Kitanda hutengenezwa, redio mbovu hutengenezwa, faida hupatikana. Faida na ziada zote zimetoka Kiarabuni, na zote ni safi, lakini mfanyabiashara hupata faida kwa watu wengine, ilhali chama huuza na kununua kwa wenyewe. Fedha zilizobaki mwisho wa mwaka zimebaki, kwa sehemu kubwa, kwa kuwa mwanachama alilipwa pungufu kidogo kwa mazao yake au alitozwa zaidi kidogo kwenye mbolea. Hiyo ni ziada yake. Hata hivyo, ukiteleza ukasema faida sitakupigia kelele.

Kelele zangu nazitunza kwa sentensi hii, ambayo waweka hazina huitamka wakiwa wamevimba vifua: "Akiba imeongezeka na tutatoa gawio la asilimia nane."

Akiba ya nani? Mwanachama aliyekuwa anasinzia anaamka, kwa sababu anayoijua yeye ni akiba yake, ile anayoweka kila mwezi na ambayo siku akijitoa chamani atarudishiwa. Mweka hazina anazungumzia akiba ya chama: sehemu ya ziada ambayo sheria au masharti ya chama yanataka izuiwe ili siku ya hasara pawe na cha kuifidia. Hiyo kwa kawaida mwanachama hadai sehemu yake, hata akijitoa. Neno moja limebeba mali mbili zenye wenyewe wawili, na mzungumzaji hajisumbui kuongeza hata kivumishi! Sema "akiba ya lazima ya chama" kwa moja na "akiba za wanachama" kwa nyingine, kila unapozitaja, hata kama unajisikia unajirudia. (Wapo wanaokwepa mkanganyiko huu kwa kuiita hifadhi. Hao ukumbi mzima huwazia tembo.)

Mkanganyiko huo una mtoto. Akishasikia akiba, msikilizaji huona noti zimepangwa mahali, naye atauliza kwa nini zisigawiwe leo. Akiba ya chama ni hesabu ya mali iliyozuiwa isigawiwe. Mali yenyewe huenda imeshageuka ghala, lori, au mikopo iliyo mikononi mwa walewale wanaouliza. Kwa hiyo usiseme "tumeweka milioni moja na nusu kwenye akiba" kama hukuziweka benki. Sema "tumetenga".

Sasa hiyo asilimia nane. Ya nini? Tuchukue chama chenye ziada ya 6,000,000. Kimetenga robo, yaani 1,500,000, kwa akiba ya lazima, na 300,000 kwa mfuko wa elimu. Zimebaki 4,200,000. Zipo hisa 8,000, kila moja ina thamani ya 5,000, na kamati inapendekeza gawio la 400 kwa hisa. Jumla ni 3,200,000, na 1,000,000 inabaki kuwa ziada isiyogawiwa. Mia nne ni asilimia nane ya elfu tano, kweli kabisa. Lakini aliyeketi nyuma ameshapiga asilimia nane ya milioni sita, akapata 480,000 za kugawana watu wote, na ananong'ona kwamba kamati imekula nyingine. Mwenye hisa 10 mwambie atapata 4,000. Asilimia ifuate baadaye, tena na thamani ya hisa kando yake.

Halafu "tutatoa". Nani kakuruhusu? Kabla mkutano haujapiga kura, hilo ni pendekezo, na wanachama wanaweza kulipunguza au kulikataa. Hotuba iseme "tunapendekeza gawio la 400 kwa kila hisa". Nimewahi kusikia "tunatangaza" katika mkutano ambao kura yake ilikuwa bado haijafikiwa kwenye ajenda; wajumbe walilishangilia gawio, kisha wakalikataa.

Kuhusu mgao, kosa si kubwa. Neno hilo ni tendo la kugawa, au fungu analopewa kila mmoja, na wengi hulitumia hivyo bila kudhuru mtu. Ila gawio limeshatulia kwenye maana ya malipo ya hisa, na lina wingi mzuri, magawio. Mgao kwa baadhi yetu bado unanuka umeme uliokatika. Ukiupenda sana, utumie. Mimi nitakunja uso tu.