Re: Sebule giza, bustani nyeupe

> "Wakuu, nikipiga picha sebuleni, bustani ya nje inakuwa nyeupe tupu. Nikiipata bustani, ndani giza. Nifanyeje?"

Mkuu, anza na bustani, ndani utapaongezea mwanga wako mwenyewe. Weka kamera kwenye stendi, mode ya M, ISO 200, f/8. Flashi ikiwa imezimwa, badilisha spidi ya shata mpaka majani yawe na kijani chake. Wiki iliyopita nilipiga nyumba yenye migomba nje, saa kumi na moja jioni, nikapata 1/125. Ndani palikuwa peusi kabisa, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa washa flashi, ielekeze kwenye ukuta mweupe ulio nyuma yako, si kwenye dirisha. Pandisha nguvu polepole mpaka makochi yaonekane. Mwako wa flashi ni mfupi mno, kwa hiyo spidi ya shata haiugusi: inapunguza au kuongeza mwanga wa bustani tu. Mimi baadaye nilishusha hadi 1/60 ili bustani ing'ae kidogo kuliko ndani, maana nje pakilingana na ndani, dirisha linaonekana kama bango lililobandikwa ukutani.

Jua la saa sita usihangaike nalo. Litadai spidi kama 1/800, na kamera nyingi haziendi sawa na flashi ya kawaida zaidi ya 1/200 au 1/250. Utaona utepe mweusi upande mmoja wa picha.

Ukiona doa jeupe kwenye kioo, ni flashi yako. Sogea pembeni kidogo, au fungua dirisha.