Haliuzwi: kuandika manukuu ya Kiingereza ndani ya herufi 42

Ukipewa filamu fupi ya Kiswahili uiandikie manukuu ya Kiingereza, yale maandishi yanayopita chini ya picha, jambo la kwanza si tafsiri. Ni saa. Ninachofanya mimi ni kufungua filamu kwenye programu ya manukuu (natumia Subtitle Edit, haina malipo), kisha napita filamu nzima nikiweka alama pale kila kauli inapoanza na inapokwisha, bila kuandika neno hata moja la Kiingereza. Hapo ndipo najua kila kauli ina nafasi ya herufi ngapi. Wengi huanza upande wa pili: wanatafsiri mswada wote vizuri kabisa kwenye Word, halafu wanajaribu kuusukumiza chini ya picha. Hauingii, na kwa kuwa wameshaupenda, kila neno linalokatwa linawauma.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mstari mmoja usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili. Hicho ndicho kipimo cha Netflix kwa Kiingereza na waandaaji wengi wa matamasha wanakikubali. Nafasi kati ya maneno, nukta na mkato, vyote vinahesabiwa kama herufi. Nukuu moja isikae kwenye skrini zaidi ya sekunde 7, na mimi sipendi ishuke chini ya sekunde 1. Kasi ya kusoma naiweka herufi 17 kwa sekunde. Wapo wanaoruhusu hadi 20, lakini filamu fupi ya Tanga au Mombasa ikienda kwenye tamasha, huenda nusu ya ukumbi ni watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na wamekuja kutazama nyuso, si kusoma gazeti. Kwa hiyo chukua sekunde za kauli, zidisha kwa 17, na hapo umepata bajeti yako.

Ugumu unatokana na umbile la lugha zenyewe. Kiswahili kinabeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja. «Nilishamwambia» ni herufi 14, na Kiingereza chake kamili kinafika 22. Mwigizaji akikasirika akaanza kumwaga maneno, Kiingereza hakimfikii.

Tuchukue onyesho moja. Nimelitunga kwa ajili ya makala hii, ila linafanana sana na maonyesho ninayoletewa. Ni usiku, uani kwa mama mdogo. Kijana anaingia, mama mdogo anapepeta mchele kwenye ungo.

— Shikamoo mama mdogo.
— Marahaba baba. Mbona usiku usiku? Kwema huko?
— Kwema. Nimekuja tuzungumze kuhusu shamba la marehemu babu.

Mama mdogo anaweka ungo chini. Kimya kidogo. Kisha:

— Nilishamwambia kaka yako, lile shamba haliuzwi, hata mkija na mwenyekiti wa mtaa, haliuzwi.

Salamu zina sekunde 4.5, yaani bajeti ya herufi 76. Nafasi ni tele, na nafasi ikiwa tele kishawishi ni kuijaza. Mimi siijazi. Kijana ameinama kidogo anaposalimia, mama hajainuka. Heshima yote iko kwenye picha. «Marahaba» naitoa. «Baba» anayoitwa kijana siwezi kuiweka ilivyo, kwa sababu mtazamaji wa nje atadhani huyo ni mzazi wa mama mdogo.

```
1
00:04:02,000 --> 00:04:06,500
-Good evening, Auntie.
-So late, son? All well?
```

Herufi 46, kama 10 tu kwa sekunde. Mtazamaji anasoma, halafu anabakiwa na muda wa kuuona ungo, na ungo huo ataukumbuka ukiwekwa chini.

Kauli ya kijana ina sekunde 3.4, bajeti 57. Tafsiri kamili ilinifikisha 69, ikabidi kukata. Kilichotoka ni «tuzungumze», maana mtu haji usiku kuhusu shamba ila kuzungumza. Kisichotoka ni «marehemu». Kwa Mswahili neno hilo ni la adabu tu, sote tunajua babu amefariki kwa sababu watu wanagombea shamba lake. Mtazamaji wa nje hajui. Ukilitoa atasubiri babu aingie kwenye onyesho linalofuata atoe uamuzi, na filamu imempotea.

```
2
00:04:07,100 --> 00:04:10,500
Yes. I came about my late grandpa's farm.
```

Herufi 41, mstari mmoja, na muda umebaki.

Sasa ile kauli nzito. Mama anaisema kwa sekunde 4.8, kuanzia 00:04:12,200 hadi 00:04:17,000. Tafsiri ya neno kwa neno ni herufi 117. Ni zaidi ya herufi 24 kwa sekunde, na hata mistari miwili ya 42 haiitoshi. Wapo watakaokuambia ifupishe yote iwe nukuu moja ya herufi 80, na kihesabu itapita. Mimi nakataa, kwa sababu ya uigizaji. Mama anasema «haliuzwi» mara mbili, na ile ya pili ndiyo kofi. Ukiweka yote kwenye nukuu moja, mtazamaji atakuwa ameshalisoma kofi kabla mkono haujanyanyuka. Kwa hiyo naigawa pale anapovuta pumzi.

Nusu ya kwanza inaishia 14,620, fremu mbili kabla ya nukuu inayofuata kuanza. Kwa filamu ya fremu 25 kwa sekunde, fremu mbili ni 0.08 ya sekunde. Pengo hilo dogo ndilo linalolifanya jicho litambue kwamba maandishi yamebadilika. Bila hilo, watu wanarudia kusoma mstari uleule. Muda ni sekunde 2.42, bajeti 41. Nilipoandika na «that farm» ndani yake ilitoka 45. Lakini shamba limetajwa kwenye nukuu iliyotangulia, bado liko kichwani mwa msomaji, kwa hiyo linatoka:

```
3
00:04:12,200 --> 00:04:14,620
I told your brother: it's not for sale.
```

Herufi 39. Ile «-sha-» ya «nilishamwambia» imekwenda na maji, lakini sauti ya mwigizaji inaibeba: uchovu wa mtu anayerudia jambo unasikika hata kwa asiyejua lugha.

Nusu ya pili mama anaimaliza 17,000, kisha anamkodolea macho kijana, na picha inakatwa kwenda kwa kijana saa 17,900. Hapo kuna karibu sekunde nzima ya kimya ambayo ni mali yako. Irefushe nukuu iingie humo, ila ikome fremu mbili kabla ya mkato, yaani 17,820. Nukuu ikivuka mkato ikabaki juu ya uso wa mtu mwingine kwa muda mfupi, msomaji anadhani huyo mwingine ndiye anayesema, na macho yanashuka tena chini bila sababu. Kwa kuirefusha, sekunde 2.3 zimekuwa 3.12, na bajeti imepanda hadi 53.

```
4
00:04:14,700 --> 00:04:17,820
Even if you bring the chairman,
it's not for sale.
```

Herufi 49. Mstari nimeuvunja baada ya alama ya mkato, ili «haliuzwi» ya pili isimame peke yake chini, ikirudia maneno yaleyale ya nukuu ya 3. Usijaribu kutafuta neno jipya ili kupamba. Yeye hakubadilisha, nawe usibadilishe.

Je, mwenyekiti gani? Ikiwa mwenyekiti wa mtaa ameshaonekana mwanzoni mwa filamu, mezani na mhuri wake, neno hilo tupu linatosha. Ikiwa hajaonekana, linaweza kueleweka kuwa mwenyekiti wa kampuni au wa chama, na itabidi kuongeza «local». Hapo zinakuwa herufi 55, yaani 17.6 kwa sekunde. Mimi ningeiongeza na kukubali kuvuka mpaka kidogo. Programu itaipaka nyekundu, iache nyekundu. Nukuu moja inayozidi kidogo haimwangushi mtazamaji. Kinachomwangusha ni nukuu tano zilizozidi zikifuatana bila pumziko, na ukiona hivyo kwenye orodha, rudi ukate kwenye zile zenye maneno ya kujazia: «yaani», «sasa», «basi», jina la mtu anayeitwa huku yuko mbele ya macho. «Hodi» mlangoni, mtu akionekana anagonga, haihitaji nukuu kabisa.

Kuna neno moja usiloweza kulichezea: lile ambalo mwigizaji amelisema kwa Kiingereza au linalosikika kama Kiingereza. Waigizaji wa Dar na Nairobi wanachanganya sana. Akisema «dokumenti» nawe ukaandika «papers» ili kuokoa herufi tatu, msikilizaji amelisikia kwa masikio yake na ameona umeandika kingine. Kuanzia hapo hakuamini tena. Majina ya miji ni vivyo hivyo.

Kuna pia hili la jinsia, ambalo linataka simu kwa mwongozaji kabla hujaanza. «Amefika, amekaa sebuleni» haisemi ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza kinakulazimisha uchague. Mara nyingi jibu limo kwenye onyesho lingine. Lakini mara nyingine mwandishi ameficha kwa makusudi, na ukiandika «she» umetoboa siri ya filamu kwenye dakika ya pili. Hapo tafuta nomino: mgeni, mpangaji, daktari. Ni ndefu kuliko kiwakilishi, kwa hiyo ijue mapema uiwekee nafasi. Muulize pia kama uhariri wa picha umekwisha kabisa. Mkato mmoja ukisogezwa baada yako, hesabu zote za fremu mbili mbili zinavurugika kuanzia hapo.

Ukimaliza, usijipime mwenyewe. Wewe unasikia Kiswahili, kwa hiyo kila nukuu utaiona inasomeka haraka ya kutosha. Unaisoma huku ukijua inasema nini. Mtafute mtu asiyejua Kiswahili, mwekee filamu mara moja bila kusimamisha, na umwangalie yeye badala ya skrini. Macho yakishuka chini yakakaa huko, andika saa ya hapo. Filamu ikiisha usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atajibu ndiyo. Muulize babu yuko wapi, mama mdogo aliweka nini chini kabla ya kujibu, na nani alitaka kuuza. Akikosa swali la ungo, nukuu ya 2 inapaswa kupunguzwa hata kama bajeti inaruhusu, au ianze na kuisha mapema zaidi, ili kimya kile kibaki bila maandishi.