Barua ya kuhamisha tangazo la chukudu

Mimi nauza kwenye soko la mtandaoni chukudu ndogo za mbao ya mkaratusi, sentimita 22, za kuweka mezani. Kubwa zake, skuta za mbao za kubebea mizigo, kila mtu wa Goma anazijua, zinateremka na magunia ya viazi kutoka Kibumba. Wanunuzi wangu wengi wako Ulaya, na huko hawazijui, ndipo nilipojikwaa.

Kwenye kichwa cha tangazo niliandika "skuta ndogo ya mbao". Mfumo wa soko ukalishika neno skuta, ukanitupa kwenye vitu vya kuchezea watoto. Dalili ilikuwa maswali: mama mmoja aliuliza kama mtoto wa miaka minne ataweza kuipanda. Kisha soko likanidai karatasi za usalama, kwa sababu kitu cha kuchezea hakiuzwi Umoja wa Ulaya bila alama ya CE.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa malalamiko matupu. Nikajibiwa nisome mwongozo. Kabla ya kuandika ya pili nilirekebisha kichwa: "Sanamu ya chukudu, pambo la meza, mbao". Usiruke hatua hiyo, maana neno lililokupotosha likibaki, mfumo unaweza kukurudisha kulekule. Nikaweka pia picha ya chukudu juu ya rafu kando ya kitabu, ukubwa wake uonekane. Ndipo nikaandika:

"Habari. Naomba tangazo namba (hapa namba) lihamishwe. Sasa liko: Watoto > Vitu vya kuchezea > Skuta. Linapaswa kuwa: Nyumba > Mapambo > Sanamu za mbao. Ni pambo la sentimita 22, magurudumu hayazunguki, halibebi mtu. Kichwa na picha nimesharekebisha. Naomba tangazo lenyewe lihamishwe bila kufutwa, ili maoni ya wanunuzi yabaki. Asante."

Njia ya kategoria iandike nzima, mpaka tawi la mwisho, kama inavyosomeka kwenye soko lenyewe. Ukisema tu "niwekeni kwenye mapambo", anayesoma atakuchagulia, na pengine atakosea tena. Sababu iwe ya kitu chenyewe. Mauzo kushuka ni kilio chako wewe. Magurudumu yasiyozunguka yanaonekana hata kwenye picha. Lakini kama kweli unawatengenezea watoto wachezee, acha ujanja: kuhamisha tangazo hakuondoi sharti la usalama.

Wakikujibu kwa maneno ya jumla, jibu ndani ya mazungumzo yaleyale. Ukifungua ombi jipya, mwingine ataanza upya bila kujua ulichokwisha kueleza.

Langu lilipohamishwa, sehemu ya umri wa mtoto ilitoweka, zikafunguka sehemu mpya za aina ya mbao, rangi na vipimo, zote tupu. Mteja anayechuja kwa mbao au kwa urefu hakuoni mpaka uzijaze. Mimi niligundua baada ya siku sita.