Uwiano ukiwa chini ya moja, usikimbilie kusema fomula si yenyewe

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha hisabati nilimkosesha binti mmoja wa kidato cha tatu alama nne ambazo zilikuwa zake kabisa. Swali lilitaka jumla ya namba sita za kwanza za mfululizo huu wa jiometri:

48 + 36 + 27 + ...

Uwiano ni 36 kugawa kwa 48, yaani 3/4. Darasani nilikuwa nimewaandikia ubaoni fomula mbili, kama nilivyofundishwa mimi. Humo S ni jumla, a ni namba ya kwanza, r ni uwiano, na n ni idadi ya namba. Uwiano ukiwa chini ya moja, tumieni hii:

```
S = a(1 - r^n) / (1 - r)
```

Na uwiano ukizidi moja, tumieni hii:

```
S = a(r^n - 1) / (r - 1)
```

Yule binti alitumia ya pili. Mimi nilipoiona tu, kalamu nyekundu ikapita, wala sikushuka chini kuangalia jibu. Kesho yake akaja ofisini na daftari. "Shikamoo mwalimu. Naomba unioneshe nilipokosea, maana nimejumlisha moja moja kwa mkono, jibu ni lile lile." Alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: 48, 84, 111, 131.25, 146.4375, 157.828125. Na jibu lake la fomula lilikuwa 157.828.

Nikakaa naye tukapitia. Tangu siku hiyo sijamkosesha mtu kwa sababu hiyo, na ninaandika haya kwa sababu bado ninaletewa madaftari ya tuisheni yenye kosa lile lile, limechorwa na walimu wengine kwa nia njema kama yangu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba hizo si fomula mbili. Ni moja, imeandikwa kwa kugeuza alama. Angalia zinakotoka. Chukua jumla S, kisha zidisha kila namba kwa uwiano upate rS. Katika mfano wetu, S inaanza na 48, 36, 27 na kuendelea, na rS inaanza na 36, 27, 20.25 na kuendelea. Ukizipanga moja juu ya nyingine utaona namba zote za katikati zipo kwenye mistari yote miwili. Ukitoa rS kutoka S, zote zinafutana, inabaki ya kwanza kabisa ya mstari wa juu na ya mwisho kabisa ya mstari wa chini: S - rS = a - ar^n. Hiyo ndiyo fomula ya kwanza. Ukiamua kutoa kwa upande mwingine, S kutoka rS, unapata rS - S = ar^n - a, na hiyo ndiyo ya pili. Hakuna mahali popote katika kazi hiyo ulipouliza kama r ni kubwa au ndogo kuliko moja. Sharti lipo moja tu: r isiwe 1 yenyewe, maana hapo utakuwa unagawa kwa sifuri, na jumla yenyewe ni a mara n tu.

Kwa hiyo binti yule alipata 48 mara (-3367/4096), akagawa kwa -1/4. Hasi kwa hasi, chanya. Vitabu vinagawa matumizi ya fomula hizi kwa sababu moja ya huruma: kumwepusha mwanafunzi na alama hasi juu na chini, ambazo ni rahisi kudondosha moja njiani. Ni ushauri mzuri. Ila ushauri wa kurahisisha kazi haupaswi kugeuka sheria ya kumnyima mtu alama.

Basi ukiwa na jumla mkononi, ya kwako au ya mwanafunzi wako, utajuaje kama imepatikana vizuri? Mimi siku hizi siangalii kwanza fomula iliyotumika. Naangalia jibu limekaa wapi. Uwiano ukiwa kati ya 0 na 1, na namba ya kwanza ikiwa chanya, jumla ina uzio pande zote mbili. Kwa chini, haiwezi kuwa ndogo kuliko namba ya kwanza. Kwa juu, haiwezi kufikia a/(1 - r), ambayo ni jumla ya mfululizo ule ukiendelea bila mwisho. Kwa mfano wetu, 48 kugawa kwa 1/4 ni 192. Jibu sahihi lazima liwe kati ya 48 na 192, na ukijumlisha namba tatu za mwanzo kwa kichwa unapata 111, kwa hiyo uzio unabana zaidi: kati ya 111 na 192.

Uzio huo peke yake unakamata makosa mengi. Mtu aliyechanganya fomula, juu akaandika 1 - r^n na chini akaandika r - 1, atapata -157.83. Namba zote za mfululizo ni chanya, hiyo hasi imetoka wapi? Hapo ndipo penye kosa la fomula la kweli: si kuchagua moja kati ya mbili, ni kuchukua kichwa cha hii na miguu ya ile. Mwingine anaingiza kwenye kikokotoo bila kufunga mabano ya asili ya sehemu, kikokotoo kinagawa kwa 1 halafu kinatoa 3/4. Anapata 38.71, ambayo ni ndogo kuliko ile 48 ya kwanza. Haiwezekani.

Lakini yapo makosa yanayopita ndani ya uzio yakiwa yamevaa vizuri, na hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. La kwanza ni la mabano tena. Ukiandika 3/4^6 badala ya (3/4)^6, kikokotoo kinapandisha 4 peke yake: 3 kugawa kwa 4096. Ukiendelea na fomula unapata 191.86. Ipo chini ya 192, ni chanya, inaonekana ya heshima. Dalili yake ni kukaribia mno ukomo, yaani ile 192. Kumbuka kwamba kinachobaki kati ya jumla yako na ukomo ni ukomo wenyewe mara r^n. Baada ya namba sita, (3/4)^6 ni karibu 0.178, kwa hiyo bado imebaki karibu asilimia 18 ya 192, yaani kama 34. Anayesema imebaki 0.14 tu amepunguza haraka kuliko uwiano wake unavyoruhusu.

La pili ni la kipeo. Fomula ya namba ya n katika mfuatano ina r^(n-1), na fomula ya jumla ina r^n. Zinakaa ukurasa mmoja, zinachanganywa kila mwaka. Ukitumia kipeo 5 badala ya 6 unapata 146.4375. Rudi kwenye orodha ya penseli ya yule binti: hiyo ni jumla ya namba tano, sahihi kabisa, ila si ulizoulizwa. Ukikutana na jibu lililopungua, jumlishia namba ya mwisho, hapa ni 11.390625. Likitimia, umeshajua kosa ni nini bila kubahatisha, na mwanafunzi unamwambia jambo moja mahususi badala ya "rudia".

La tatu ni kutumia a/(1 - r) yenyewe kama jibu. Swali linasema namba sita, yeye anajibu 192, kwa sababu ameshika kichwani kwamba "chini ya moja" maana yake ni ile fomula fupi. Ile fupi ni ya mfululizo usio na mwisho. Hapa tofauti ni 34, huwezi kuipuuza. Kungekuwa na namba 40, r^n ingekuwa ndogo sana na majibu mawili yangekaribiana hadi desimali kadhaa, na hapo mtu anaweza kudhani njia zote ni sawa.

Sasa lile neno lenyewe, "chini ya moja". Mimi nimeacha kulisema hivyo ubaoni. Uwiano wa -2 nao ni chini ya moja. Chukua 5 - 10 + 20 - 40. Fomula ya jumla ya namba nne inafanya kazi bila shida: 5 mara (1 - 16), kugawa kwa 3, ni -25, na ukijumlisha kwa mkono ni -25 kweli. Lakini mwanafunzi akiulizwa jumla isiyo na mwisho, akaona -2 ni chini ya moja, ataandika 5/3. Hiyo jumla haipo. Namba zinazidi kukua zikiruka huku na huku, hazitulii popote. Sharti la ile fomula fupi ni kwamba uwiano uwe kati ya -1 na 1, bila kuzigusa zote mbili. Aseme hivyo mwanafunzi, na mwalimu aseme hivyo.

Uwiano hasi ulio ndani ya mipaka, kwa mfano -3/4, ni halali, ila unataka uangalifu pale chini: 1 - (-3/4) ni 7/4, si 1/4. Mfululizo 48 - 36 + 27 na kuendelea, namba sita, jumla yake ni 22.546875. Hapa uzio wangu wa awali haufai tena, maana jumla inapanda na kushuka: 48, 12, 39, 18.75, 33.9375, 22.546875. Badala yake angalia kwamba ukomo, 48 kugawa kwa 7/4, ambao ni karibu 27.43, daima umekaa katikati ya jumla mbili zinazofuatana. Mtu aliyeandika -0.75^6 badala ya (-0.75)^6, kikokotoo kitampa r^n iliyo hasi, naye atapata karibu 32.31. Lakini baada ya namba sita jumla lazima iwe chini ya ukomo, si juu yake.

Limebaki la kukadiria mapema, ambalo linauma zaidi uwiano unapoikaribia moja. Namba ya kwanza 100, uwiano 0.99, namba kumi. Hapa 0.99^10 ni 0.904382, na jumla ni 956.18. Mtu akiandika 0.90 ili kuokoa wino, anapata 1000 kamili. Fomula sahihi, mabano sahihi, na jibu lisilowezekana: namba kumi, ya kwanza ni 100 na zinazofuata zote ni pungufu ya hapo, haziwezi kufika 1000. Kosa dogo la 0.004 limezidishwa mara a/(1 - r), ambayo hapa ni 10,000. Kwa uwiano wa 3/4 mzidisho ulikuwa 192, ndiyo maana aliyekadiria 0.178 kuwa 0.18 alipata 157.44, akakosa kwa kidogo tu. Acha desimali zote ndani ya kikokotoo mpaka mstari wa mwisho, na kama uwiano ni sehemu, ibebe kama sehemu: 10101/64 ndilo jibu kamili la swali la yule binti, na ndilo nililoliandika kwenye daftari lake nilipomrudishia alama zake nne.