Kulanti na mbwa: usingoje fuwele

"Mbwa wangu alilamba kulanti iliyomwagika gereji saa mbili usiku, akawa anayumba kama mlevi. Sasa saa saba naona ametulia. Ningoje kukuche?"

Hapana ndugu yangu, mwamshe daktari wa mifugo sasa hivi. Huko kutulia ndiko kunakotudanganya. Ethilini glaikoli, yaani sumu iliyomo kwenye kulanti, yenyewe humlewesha tu, na ule ulevi ukiisha, ini limeshaanza kuigeuza kuwa asidi. Mwisho wake ni okzaleti, inayoshikana na kalsiamu ya damu na kuwa fuwele zinazoziba na kuua mirija ya figo.

Dawa, yaani fomepizoli au alkoholi ya dripu, hukizuia kimeng'enya cha ini kisiifanye hiyo kazi. Kilichokwisha kugeuzwa hairudishi. Kwa mbwa, matumaini makubwa ni ndani ya saa nane tangu alambe, kwa hiyo wewe una hadi saa kumi alfajiri, na barabara za Dar usiku huu ni nyeupe. Usimnyweshe pombe nyumbani. Kipimo chake anakijua daktari.

Mkojo ukiwekwa chini ya darubini, fuwele zaweza kuonekana kuanzia saa tano au sita baada ya kulamba. Zisipoonekana, bado atibiwe. Zikionekana, sumu imeshaanza kugeuzwa.

Kama una paka pia, mwangalie. Yeye ana saa tatu tu, na wa kilo tatu huuawa na kiasi kisichojaza kijiko cha chai.