Vinundu viwili vya milimita 9, tarehe mbili tofauti

Mimi na shemeji yangu tunaishi Marekani. Wote tumevuka miaka 50, kila mmoja amevuta pakiti moja kwa siku kwa zaidi ya miaka 20, na tumeacha sigara juzijuzi tu. Kwa hiyo tulistahili uchunguzi wa mapafu kwa CT ya mionzi kidogo, tukaenda wiki moja. Majibu yalionyesha kila mmoja ana kinundu, yaani kivimbe kidogo kwenye pafu, cha milimita 9. Yeye aliambiwa arudi baada ya miezi 3, mimi miezi 6. Nikafurahi, nikidhani changu ni chepesi. Nilikosea.

Kinundu chake kilikuwa kigumu kote, cheupe kama punje. Kigumu kinachoonekana mara ya kwanza hupangwa kwa ukubwa wake wote: chini ya milimita 6 unarudi baada ya mwaka, kuanzia 6 hadi kabla ya 8 baada ya miezi 6, kuanzia 8 hadi kabla ya 15 baada ya miezi 3. Changu kilikuwa mchanganyiko, yaani ukungu wenye kiini kigumu katikati. Hapo ukubwa wote ukishafika 6, kinachoamua tarehe ni kiini. Changu kilikuwa na milimita 4, chini ya 6, ndiyo maana ikawa miezi 6. Ukungu kwa kawaida hukua polepole sana. Kiini ndicho sehemu inayoweza kuwa imeanza kupenya nyama ya pafu. Vinundu mchanganyiko visivyotoweka huwa saratani mara nyingi kuliko vigumu vya ukubwa uleule, ila haviendi mbio.

Karani wa miadi aliona neno «milimita 9» tu, akaniandikia mwaka mmoja. Niliokolewa na ripoti yenyewe, iliyosema Lung-RADS 3. Lung-RADS ni mfumo wa Marekani wa kupanga majibu ya CT hizi kwa madaraja ya hatari, na 3 ni daraja la miezi 6. Ndugu yangu, omba ripoti nzima. Tafuta daraja, wastani wa kinundu chote (changu kilikuwa 10 kwa 8, wastani 9), na kipimo cha kiini peke yake. Miezi hesabu tangu siku ya picha.

Miezi 3 ilipofika, cha shemeji kilikuwa kimetoweka. Huenda yalikuwa maambukizi tu. Amerudi kwenye ratiba ya kila mwaka. Changu, miezi 6 ilipofika, kilibaki 9 kwa jumla, na ningesoma namba hiyo pekee ningelala usingizi. Lakini kiini kilikuwa kimefika 6. Ongezeko linalozidi milimita 1.5 ndani ya miezi 12 huhesabiwa kukua, na kiini cha 4 au zaidi kinachokua ni daraja la 4B, la shaka kubwa ya saratani. Hapo hakuna kungoja picha nyingine ya mbali. Nilifanyiwa PET, picha inayoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi, kisha upasuaji. Ilikuwa saratani changa, tezi za limfu zilikuwa safi.

Ratiba hii ni ya mtu asiye na dalili. Ukikohoa damu au ukikonda bila sababu, nenda leo, usingoje tarehe.